Miwani iliyofutwa kwa kompyuta: kwa nini picha ya mama ilirudishwa

Swali: Mamangu ana miaka 67 na miwani haitoki usoni mwake mchana kutwa. Anaomba viza ya Marekani akamwone kakangu. Picha tulipiga stiudio hapa Mombasa, fundi akaifuta ile miwani kwa kompyuta na kuondoa kivuli kilichokuwa ukutani na mashavuni. Mtandaoni ilipita, lakini siku ya mahojiano Nairobi akaambiwa alete nyingine. Mimi naona picha ilikuwa safi kuliko ile ya kwanza. Kosa liko wapi, na kinachoruhusiwa ni kipi? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Dada, umefanya vyema kunitumia picha zote mbili, ya asili na iliyotengenezwa. Nimeziweka kando kwa kando na kuzikuza mpaka jicho moja likajaza skrini. Tuanze na hilo jicho, maana ndilo lililoharibu kazi yote.

Miwani ya mama ina lenzi za kukuza, zile zilizo nene katikati. Katika picha ya asili macho yake yanaonekana makubwa kuliko yalivyo, kwa sababu kamera iliyatazama kupitia lenzi. Fundi alifuta fremu, akafuta vikono vyake mpaka masikioni, akaondoa na mng'ao wa taa. Macho yenyewe aliyaacha vile lenzi ilivyoyafanya. Kwa hiyo picha inamwonyesha mama bila miwani, lakini ana macho ya mtu anayetazamwa kupitia miwani. Akisimama mbele ya afisa na miwani yake, hafanani na picha. Akiivua, macho yanarudi udogo wake wa kawaida, na bado hafanani. Uso uliomo katika picha ile mama hana, si asubuhi wala jioni.

Kwa mwenye lenzi za kuonea mbali mambo hugeuka. Lenzi zake hufanya macho yaonekane madogo, tena huvuta ndani ukingo wa uso. Mtazame mtu wa namna hiyo kutoka mbele: pale penye kipaji cha pembeni, karibu na jicho, mstari wa uso ndani ya lenzi haufuatani na mstari ulio nje yake. Ni kama uso umekatwa kidogo na kusogezwa. Ukifuta fremu, pengo lile hubaki, na fundi atalijaza kwa ngozi aliyoitoa shavuni. Hapo ameshachora uso mpya.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Programu inayolinganisha nyuso huanza kwa kutafuta macho mawili. Ikishayapata, hupima umbali kati yake, hunyoosha uso kwa mstari wa macho hayo, kisha ndipo huendelea na pua, mdomo na taya. Viwango vya kimataifa vinataka kuwe na angalau pikseli 90 kutoka katikati ya jicho moja hadi la pili, ili kipimo hicho kiwe cha kuaminika. Ukigusa eneo la macho umegusa msingi ambao vipimo vingine vyote vimejengwa juu yake. Ungehariri kola ya nguo, madhara yangekuwa madogo. Fundi wako alihariri mahali pabaya kuliko pote usoni.

Sasa tazama nyusi. Fremu ya mama ni pana na ilifunika nusu ya chini ya nyusi ya kushoto. Kilichofunikwa na fremu kamera haikukiona, na hakuna programu inayoweza kukirudisha; inaweza tu kukisia. Fundi alichukua nyusi ya kulia, akaigeuza, akaibandika kushoto. Nimejuaje? Kuna unywele mmoja mweupe uliopinda karibu na pua, na sasa uko pande zote mbili, umepinda vilevile. Halafu chini ya jicho la kushoto mama ana doa dogo jeusi. Katika picha ya asili limekaa ndani ya kivuli cha fremu. Kivuli kiliposafishwa, doa likaenda nacho. Alama kama hiyo ndiyo afisa huitafuta akiwa na shaka kama huyu ni yule wa picha.

Kivuli cha ukutani nacho kina hadithi yake. Wengi huuliza: ukuta si uso, ukiupaka rangi nyeupe umemdanganya nani? Tatizo liko pale ukuta unapokutana na mtu. Ili kusafisha kivuli kilichoshikamana na kichwa, fundi hulazimika kumkata mtu, amtoe ukutani na kumweka juu ya weupe mtupu. Mtandio wa mama una nyuzinyuzi pembeni, na katika picha ya asili zinaonekana moja moja. Katika ya pili zimekwisha, ukingo umekuwa laini kana kwamba kitambaa kimekatwa kwa mkasi, na juu ya bega la kulia kuna ukanda mwembamba wa kijivu ambao mkasi uliusahau. Kwa asiyefunika kichwa, vinavyopotea ni ncha za masikio na umbo la nywele. Mtu aliyezoea kukagua picha huutazama ukingo huo kabla hajatazama kitu kingine. Weupe wenyewe pia humsaidia: ukuta wa kweli una chembechembe ndogo ndogo za kamera, weupe wa kupakwa hauna hata moja.

Kivuli cha usoni ni kibaya zaidi kukifuta, hasa kwa ngozi zetu. Taa ya stiudio ilikuwa upande mmoja, hivyo shavu la kushoto lilitoka jeusi kuliko la kulia. Fundi alilitia mwanga shavu lile peke yake. Ngozi ikawa nyeupe kidogo, vinyweleo na mikunjo ya umri ikapotea, na mstari unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo ukafifia. Kivuli kando ya pua si uchafu, ndicho kinachoonyesha pua imeinuka kiasi gani. Ukikiondoa baada ya picha kupigwa, pua inalala. Ukikipunguza kwa kuongeza taa kabla ya kupiga, pua inabaki na umbo lake, kwa sababu mwanga wa kweli umepita juu ya pua ya kweli.

Miaka ya mwanzo ya kazi nilitenda kosa hilohilo. Baharia mmoja alinijia jioni, meli yake inang'oa nanga baada ya siku chache, akataka picha za karatasi za safari. Kivuli kilikuwa kimemkaa chini ya taya, na badala ya kumrudisha kitini nikamsafishia kwa kompyuta. Taya ikatoka nene. Ofisi iliyopokea karatasi ikazirudisha, na zilipokuwa tayari upya meli ilikuwa imeshakwenda. Tangu siku hiyo picha ya kitambulisho au pasipoti hairekebishwi mahali popote usoni katika stiudio yangu, hata mteja akiniomba nimwondolee chunusi moja.

Pengine utasema, lakini fundi hakuwa na nia mbaya. Ni kweli, ila anayekagua haoni nia, huona tu kwamba picha imeguswa. Na ana sababu ya kuogopa picha zilizoguswa. Kuna udanganyifu wa kuchanganya nyuso mbili kuwa moja, ili watu wawili waweze kusafiri kwa pasipoti moja. Picha ya namna hiyo hutengenezwa kwa vifaa vilevile vya kulainisha, kubandika na kufuta, na huacha alama zilezile: ngozi isiyo na vinyweleo, mboni zenye ukungu, kingo laini kupita kiasi. Ujerumani ilifikia hatua ya kuacha kupokea picha za karatasi kwa pasipoti na vitambulisho; tangu tarehe 1 Mei 2025 picha hupigwa ofisini kwenyewe au na mpiga picha aliyesajiliwa, ambaye huituma moja kwa moja kwa njia salama. Mwenye picha haishiki hata kidogo. Picha ya mama haikuwa na ulaghai wowote, lakini ilibeba alama za ulaghai.

Na mbona mtandaoni ilipita? Kwa sababu ukaguzi wa pale unapopakia picha ya DS-160, ile fomu ya kuombea viza ya Marekani, ni wa mambo machache: je, faili ni JPEG, je, ni mraba wa kati ya pikseli 600 na 1200 kila upande, je, halizidi kilobaiti 240, na je, kuna kichwa kilichokaa mahali pake. Kupita hapo ni kama kuruhusiwa kuingia uani. Uamuzi ni wa ubalozi, na huko picha hutazamwa na mtu, mwenyewe akiwa amesimama mbele yake. Kwa mama mambo yaliishia kwenye kuombwa picha nyingine, na hilo ni nafuu. Katika bahati nasibu ya viza za Marekani, maelekezo yamekuwa yakisema wazi kwamba picha iliyochezewa inaweza kuliondoa ombi zima.

Sasa kinachoruhusiwa. Mimi huwaeleza wateja hivi: linaloigusa picha nzima kwa pamoja huweza kukubalika, linalogusa mahali pamoja halikubaliki. Kukata kingo ili kichwa kikae sawa kunaruhusiwa. Kuipunguza picha ukubwa kunaruhusiwa. Kuizungusha kidogo kama kamera iliinama kunaruhusiwa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambavyo pasipoti za dunia nzima hufuata, vinakubali pia kusawazisha rangi ya picha nzima, tuseme pale taa ya nyumbani ilipoifanya yote kuwa ya manjano, mradi ngozi irudi kwenye rangi yake halisi. Kwa Marekani nakushauri hata hilo uliache. Wao husema picha isibadilishwe kwa programu wala vichujio vya simu, na kama rangi imeharibika, kupiga upya ni kazi ya dakika tano.

Hapa nikuonye kuhusu simu, kwa sababu nyingi huhariri bila kuulizwa. Kamera ya mbele mara nyingi huja na urembo umewashwa tayari, na hulainisha ngozi kabla hujaiona picha. Ile hali ya kufifisha nyuma ya mtu hula kingo za masikio na mtandio, sawa na mkasi wa fundi. Zima vyote viwili. Mwenye simu awe mtu mwingine, atumie kamera ya nyuma, asimame mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa mama. Picha ya kujipiga kwa urefu wa mkono hukuza pua na kuficha masikio, na hilo halina dawa baadaye.

Miwani ya mama ivuliwe kabla ya picha, si baada yake. Kwa viza na pasipoti za Marekani miwani imekatazwa tangu tarehe 1 Novemba 2016, hata iwe safi namna gani. Kuna mlango mmoja mwembamba: mtu ambaye hawezi kabisa kuivua kwa sababu ya matibabu, mathalani aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni na anahitaji kulikinga. Huyo huleta barua iliyotiwa saini na daktari, na hata hivyo fremu isifunike macho wala lenzi zisimeremete. Kutoona vizuri bila miwani si sababu inayokubalika, kwa kuwa picha haimtaki mama aone, inataka yeye aonekane.

Avue miwani dakika kumi kabla. Alama mbili za vishikio puani zitapungua, na macho yatapumzika. Aliyezoea miwani akiivua ghafla hukaza kope akitafuta kuona, na macho yaliyokazwa hurudishwa vilevile. Mama hataiona kamera sawasawa, hivyo usimwambie tu "tazama kamera". Mwite kwa sauti ukiwa nyuma ya simu, au shikilia kidole kando ya lenzi, ataelekea huko mwenyewe.

Mahali pa kupigia unapo nyumbani. Tafuta ukuta mweupe karibu na mlango au dirisha, saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa bado haliingii ndani moja kwa moja. Jua la saa sita si la kumpigia mtu picha nje. Linashuka utosini na kuyatia macho kwenye mashimo meusi. Nuru nzuri kuliko zote ni ile inayorudi kutoka ukuta mweupe wa jirani ng'ambo ya kichochoro, laini na pana. Jihadhari na kuta za rangi ya kijani au samawati zilizo karibu, maana rangi yake hurukia shavuni.

Mweke mama kitini mita moja au zaidi mbele ya ukuta. Hilo peke yake humaliza kivuli cha nyuma, kwa kuwa kivuli chake kitaanguka sakafuni badala ya ukutani. Fundi wako alimwegemeza ukutani, kisha akatumia fleshi iliyokuwa juu ya kamera. Kivuli hakikuwa na pa kwenda ila kujibandika nyuma ya kichwa. Uso uelekee dirishani, si ubavu. Kama shavu moja bado ni jeusi, mtu ashike upande huo shuka nyeupe au bafta iliyotandazwa juu ya ubao, nusu mita kutoka usoni, nje ya picha. Kipande kingine cha bafta mtandikie mama mapajani. Nguo hiyo hurusha nuru chini ya kidevu na chini ya macho, mahali ambapo vivuli vya umri hukaa, na utaona uso umefunguka bila kuguswa na programu yoyote.

Mtandio abaki nao. Vazi la kichwa la kidini linakubaliwa, mradi uso wote uonekane kuanzia kidevuni hadi juu ya paji, na mashavu yote mawili. Kinachorudisha picha za akina mama wengi wa hapa si mtandio wenyewe bali kivuli chake, ule utepe mweusi unaolala juu ya paji pale kitambaa kilipojitokeza mbele kama ukingo wa paa. Urudishe nyuma upana wa kidole kimoja, uubane pembeni kwa pini, na kivuli kitaondoka. Achague wa rangi, asivae mweupe, kwa sababu mweupe juu ya ukuta mweupe hupoteza umbo la kichwa na ndipo watu hushawishika kurudi kwenye kompyuta.

Kwingineko miwani haijakatazwa kabisa. Viwango vya ICAO vinaikubali kama lenzi si za rangi, macho yote mawili yanaonekana wazi, fremu haipiti juu ya jicho na hakuna mng'ao. Uingereza husema usivae isipokuwa huna budi, na ukivaa masharti ni hayohayo. Ukiwa na hati ya namna hiyo na unataka kubaki na miwani, mng'ao huondolewa kwa kuinua vikono kidogo juu ya masikio ili lenzi ziiname chini, au kwa kupandisha taa juu zaidi na kuzitenga. Wenye miwani inayobadilika rangi juani wasipige picha wakitoka tu barabarani. Mtu aliyetembea kutoka Barabara ya Digo saa saba mchana huingia stiudio na lenzi bado za kijivu, na yeye mwenyewe hajui. Akae ndani mpaka zisafike. Hata hivyo, ushauri wangu kwa hati yoyote ni kuvua. Picha bila miwani inakubalika kote, na haihitaji hoja yoyote.

Kwa mama, basi, piga picha kama nane au kumi, mdomo umefungwa, uso mtulivu, macho yote wazi. Zikuze uangalie mambo matatu: kama mboni zinaonekana kwa ukali, kama mashavu mawili yamekaribiana kwa nuru, na kama nyuzi za mtandio zinahesabika. Iliyo nzuri ikate kuwa mraba, kichwa kutoka kidevuni hadi utosini kikichukua zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa picha, kisizidi asilimia 69. Ukinitumia kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, kwa sababu ikipita kama picha hubanwa na ukali wa macho hupungua. Ya karatasi ichapishwe milimita 51 kwa 51, na iwe ya ndani ya miezi sita. Faili la asili lisifutwe mpaka viza itoke. Akiulizwa tena, ndilo la kuonyesha.